Jamii Fulani ni Nani?

Wapenzi wa riwaya tuna tabia moja. Mwandishi akituambia katika ukurasa wa kwanza kwamba mhusika wake ana kovu shavuni, tunaliweka lile kovu akilini na kulisubiri. Lisipotokea tena mpaka kitabu kiishe, tunalalamika: sasa lile kovu lilikuwa la nini? Tumezoea kuamini kwamba kilichotajwa kimetajwa kwa sababu.

Habari nazo tunazisoma kwa macho hayohayo, na hapo ndipo shida inapoanza. Gazeti likiandika kwamba mtu aliyekamatwa kwa wizi ni wa dini fulani au wa kabila fulani, halijasema kwamba dini ndiyo iliyomfanya aibe, na mhariri ataapa kwamba hajasema hivyo. Lakini msomaji anajua kwamba aya ile ilikuwa na nafasi ya maneno machache, na moja kati ya hayo limetumika kutaja dini. Kwa hiyo analifanyia kazi. Anaunganisha mwenyewe kile ambacho mwandishi hakuthubutu kukiunganisha. Uongo umepatikana, na hakuna sentensi hata moja ya uongo.

Swali langu basi ni hili: ni lini mwandishi wa habari ana haki ya kututajia dini, kabila au jinsia ya mtu, na ni lini ana wajibu wa kututajia? Ni maswali mawili. Wengi hujibu la kwanza na kulisahau la pili.

Nianze na jinsia, kwa sababu hapo lugha yetu ina bahati ambayo hatuitumii. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kusema dereva amekamatwa, sentensi ya pili tu inamlazimisha achague kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke. Sisi hatulazimishwi. "Dereva wa matatu amekamatwa baada ya kugonga kibanda cha mboga. Ameachiliwa kwa dhamana." Hapo hujui kama ni mwanamume au mwanamke, na hujakosa kitu. Ngeli ya mtu kwetu haina jinsia. Mwalimu ni mwalimu, mwizi ni mwizi, rubani ni rubani.

Maana yake ni kwamba jinsia ikionekana kwenye habari ya Kiswahili, kuna mtu kaiweka. Haikuingia kwa bahati mbaya wala kwa amri ya sarufi. Hebu soma tena: "Dereva mwanamke amekamatwa baada ya kugonga kibanda cha mboga." Neno moja tu limeongezeka, na tayari habari imekuwa nyingine. Ilikuwa habari ya ajali. Sasa ni habari ya wanawake na usukani. Mbona hatujawahi kusoma "dereva mwanamume agonga kibanda"? Kwa sababu mwandishi hakuona haja ya kumtaja yule anayemwona wa kawaida. Anayetajwa ni yule anayeonekana kituko.

Kutokana na hilo tunapata kipimo cha kwanza, nacho ni rahisi: geuza. Weka kundi jingine mahali pa lile lililotajwa, kisha usome kwa sauti. Ikisikika kichekesho, lile neno la kwanza nalo halikuwa na kazi. Chukua maneno tuliyoyazoea sana Kenya, "Mkenya mwenye asili ya Kisomali". Yanasikika ya adabu kabisa. Sasa geuza: "Mkenya mwenye asili ya Kikamba akamatwa kwa kughushi stakabadhi." Umecheka, si ndiyo? Hakuna anayeandika hivyo. Mkamba ni Mkenya tu, basi. Anayehitaji "asili" ni yule ambaye uraia wake tunaushuku kimoyomoyo. Na shaka hiyo haikai gazetini peke yake. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, polisi waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani wakichunguzwa vitambulisho vyao. Sisemi magazeti ndiyo yaliyowakamata. Nasema kwamba neno "asili" lilikuwa limeshawazoeza wasomaji kumwona jirani yao kama mgeni ambaye bado anachunguzwa.

Mpaka hapa mambo ni mepesi, na wengi huishia hapa. Husema: basi tusitaje kabila, tusitaje dini, tusitaje jinsia, yaishe. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya 2013 zilielekea huko pia, zikitaka mambo hayo yaachwe isipokuwa pale ambapo ni ya lazima kwa habari yenyewe. Watu hushika ile sehemu ya kuacha, na "isipokuwa" inapita masikioni. Lakini ndani ya hiyo "isipokuwa" ndimo lilimo tatizo lenyewe, na Kenya ilililipia gharama kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Turudi kwenye uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya Desemba 30, na nchi ikashika moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliouawa. Vyombo vikubwa vya habari viliogopa, na vilikuwa na sababu. Baadhi ya redio za lugha za kikabila zilikuwa zikilaumiwa kwa kuchochea watu, na kila mhariri aliikumbuka Rwanda ya 1994. Kwa hiyo magazeti na televisheni vikajiwekea breki: kabila lisitajwe. Badala yake tukapewa "jamii fulani", "jamii moja" na "jamii hasimu".

Nawaheshimu walioweka breki hiyo. Walitaka kuokoa maisha. Lakini tazama lile neno lilifanya nini.

Siku ya mwaka mpya, Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu ndani. Walikuwa wamekimbilia humo kutafuta hifadhi, wengi wao wanawake na watoto, na walikuwa Wakikuyu. Sasa iandike kwa kanuni ya breki: "Vijana wa jamii fulani wamechoma kanisa walimokuwa wamejificha watu wa jamii nyingine." Sentensi hiyo ina kasoro tatu, na nyepesi kuliko zote ndiyo ile tunayoilalamikia kila siku.

Nyepesi ni kwamba haifichi kitu. Kila Mkenya aliyekuwa na redio alijua Eldoret ni wapi na nani anaishi huko. Na pale majina ya watu yalipochapishwa, yalitosha. Kwetu ukiandika Kamau au Otieno, umeshataja kabila bila kulitaja. Kwa hiyo msomaji alijaza pengo mwenyewe, na wa mbali aliyeshindwa kujua aliuliza jirani, yaani uvumi. Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Sentensi ile inamnyang'anya aliyeuawa sababu ya kifo chake. Wale watu wa Kiambaa hawakuchomwa kwa kuwa walikuwa "wakazi" au "raia". Walichaguliwa. Aliyebeba petroli alikuwa ameshaamua ni nani wa kuchomwa na nani wa kuachwa, na alitumia kabila kuamua. Ukiliondoa kabila, umemlinda nani hapo? Umemsaidia muuaji kuficha kigezo chake.

Kasoro ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu iko upande ambao hatukuutazama. "Vijana wa jamii fulani" limeficha jina, lakini limeiacha jamii kama mtendaji. Linasema hivi: aliyefanya hili ni jamii, ila hatutakwambia ni ipi. Dhana potofu imebaki nzima, kilichoondolewa ni lebo tu. Kumbe kazi ilikuwa kufanya kinyume: kulitaja kabila la waliolengwa, kwa kuwa ndilo lililowafanya walengwe, na kuwataja watendaji kwa udhahiri wote uliopo. Walikuwa wangapi, walitoka wapi, nani aliwasafirisha, nani aliwalipa, nani alitoa amri. Tume ya Waki ilipofuatilia maswali ya aina hii ilikuta kwamba pengine watu waliinuka wenyewe kwa hasira, na pengine ghasia zilipangwa na kugharimiwa na wanasiasa na wafanyabiashara. Hayo ndiyo majibu ambayo neno "jamii", lenye jina au lisilo na jina, huyafunika.

Na mwisho wa mwezi uleule mambo yaligeuka. Januari 27, mjini Naivasha, familia za Wajaluo zilichomwa ndani ya nyumba walimokimbilia; tume ilihesabu maiti 19. "Jamii fulani" ya juzi sasa ilikuwa "jamii nyingine" ya leo, na msomaji wa gazeti aliyefuata neno hilo tu asingeweza kujua kwamba mambo yamegeuka.

Kuna jambo moja zaidi katika ripoti ile ambalo kila mwandishi anapaswa kulikumbuka. Kati ya wale 1,133, watu 405 walikufa kwa risasi. Hakuna chanzo kingine cha kifo kilichoua wengi zaidi. Na waliobeba bunduki mitaani, hasa katika miji kama Kisumu, walikuwa polisi kwa sehemu kubwa. Dunia nzima ilisoma kuhusu "ghasia za kikabila". Fremu hiyo ilitupa picha ya panga na mshale, kabila dhidi ya kabila, na ikawaficha askari wa serikali nyuma ya picha. Kwa hiyo kutaja kabila ovyo hakudhulumu kabila tu. Humsitiri pia mtu mwingine kabisa, ambaye hana haja ya kujificha maana hakuna anayemtazama.

Sasa naweza kuweka kipimo cha pili, kile kinachojibu swali la wajibu. Uliza: ni nani aliyeifanya hali hii ya mtu kuwa sehemu ya tukio? Kama ni wahusika wenyewe, kwa matendo yao, taja. Kama ni mwandishi tu, kwa mazoea yake, futa.

Tukijaribu pale ambapo dini ndiyo kila kitu. Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria walitengwa, Waislamu upande mmoja na wasio Waislamu upande wa pili, na watu 28 wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, basi jingine lilishambuliwa katika kaunti hiyohiyo ya Mandera, likiwa safarini kutoka Nairobi. Wapiganaji walitaka abiria wajitenge tena. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Baadhi yao waliwapa wenzao Wakristo mavazi ya kujifunika wasitambulike, na wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyotoka 2017, imetokana na tukio hilo.

Jaribu kuiandika habari hiyo bila dini. "Abiria wamewakatalia washambuliaji kuwatenga abiria wenzao." Kuwatenga kwa nini? Kwa kigezo gani? Kukataa kwao kulikuwa na uzito gani, kama wote walikuwa "abiria" tu? Habari inaanguka yenyewe. Washambuliaji ndio walioifanya dini kuwa hukumu, na wale abiria waliikataa hukumu hiyo wakiwa na dini yao. Mwandishi hapo hana la kuchagua.

Lakini tazama namna ya kutaja. Kuna tofauti kubwa kati ya "Waislamu waua Wakristo kwenye basi" na "wapiganaji wa Al-Shabaab wawatenga abiria kwa dini na kuwaua wasio Waislamu". Katika ya kwanza dini ni mtendaji. Katika ya pili mtendaji ni kundi lenye jina, na dini ni kigezo kilichomo ndani ya kitendo chake: kutenga. Ningemshauri mwandishi yeyote hivi: iweke dini kwenye kitendo kilichofanyika, si kwenye mtu. Kwa namna hiyo unaitaja pale ilipofanya kazi, na huibandiki kwa watu ambao hawakuwepo. Aliyesoma kichwa cha kwanza asingeweza kamwe kuelewa basi la pili, kwa sababu ndani ya basi la pili Waislamu ndio waliokuwa ngao.

Kipimo hiki kinaturudisha pia kwenye jinsia, na kinatuzuia tusivuke mpaka upande wa pili. Januari 27, 2024, maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Habari hiyo ukiifanya ya "mauaji ya watu" umeiua. Wanawake hao waliuawa ndani ya mahusiano na ndani ya mazoea yanayowahusu kama wanawake. Kwa hiyo neno lilelile "mwanamke", lililokuwa uchafu kwenye habari ya kibanda cha mboga, hapa ni la lazima. Ila angalia kinachoingia pamoja nalo: "mrembo auawa", "mapenzi yageuka mauti". La kwanza linatueleza sura yake, kana kwamba uzuri una ushahidi wa kutoa. La pili limemwondoa muuaji kabisa, likaweka mapenzi mahali pake. Dhana potofu mara nyingi haiko kwenye jina la kundi. Iko kwenye kitenzi.

Na wakati mwingine haiko kwenye jina hata kidogo. Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona ya chuki. Ndani yake mlikuwa na "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Ni maneno ya nguo, ya shamba na ya jikoni. Mtu aliyelelewa na Kiswahili cha nyumbani haoni tusi lolote. Lakini pale Bonde la Ufa, "madoadoa" ni jirani wa kabila jingine, na doa hufanywa nini? Huondolewa. Kwa hiyo mhariri anayetafuta majina ya makabila ili ayafute anaweza kusafisha ukurasa wote na kuliacha neno lenye sumu limekaa palepale, limevaa nguo za kila siku. Akilinukuu, ni lazima aeleze lina maana gani kwa wanaolisikia.

Kuna watakaosema: kwa nini tusiwataje wote basi, kila mara, ili kusiwe na upendeleo? Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 2016 gazeti la Sächsische Zeitung la Dresden, Ujerumani, liliamua kutaja uraia wa kila mshukiwa, Wajerumani wakiwemo, ili wasomaji waache kudhani kwamba kila asiyetajwa ni mgeni anayefichwa. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo kunyamaza kumeshazaa uvumi. Lakini mimi naiona inatibu kidonda na kuacha ugonjwa. Kutaja kila mara bado kunamfundisha msomaji kwamba uraia wa mwizi wa baiskeli ni jambo la kujua. Na kwetu, ambako jina la mtu limeshabeba kabila, kuorodhesha makabila ya washukiwa kila asubuhi kungekuwa kuandaa daftari la deni, kila upande ukihesabu wa mwenzake.

Nakiri kipimo changu kina kikomo, nacho ni saa. Katika saa za kwanza za tukio, mara nyingi hakuna anayejua kama waliouawa walichaguliwa au walikutwa tu. Hapo kutaja ni kubahatisha. Mwandishi anaweza kusema kile ambacho manusura wamesema, kwa jina la manusura: kwamba waliulizwa dini yao, kwamba waliulizwa majina yao. Zaidi ya hapo asubiri. Kusubiri si sawa na "jamii fulani". Anayesubiri anasema bado hatujui; anayeandika "jamii fulani" anajua, na anatukonyeza.

Tuna methali mbili zinazovutana juu ya jambo hili. Moja husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nyingine husema vidole vya mkono havilingani. Ya kwanza ni ya muuza samaki, na sokoni ina busara yake, maana harufu huenea kweli. Lakini binadamu hawafungwi kwenye tenga moja ila na mtu anayewafunga. Mara nyingine aliyewafunga ni mwenye petroli au mwenye bunduki, na hapo mwandishi anatudai ukweli kwamba walifungwa. Mara nyingi zaidi aliyewafunga ni mwandishi mwenyewe, kwa neno moja alilolipitisha bila kuliuliza lina kazi gani.